Kifurushi cha Dawa Tano

Ukiuliza mtu yeyote pale steji ya Komarock kwa nini dawa siku hizi hazishiki, jibu ni moja: watu hawamalizi dozi. Unapewa vidonge vya siku saba, siku ya tatu unajisikia poa, zile zingine unaweka kwa droo. Bakteria waliobaki wanazoea dawa, wanakuwa sugu, basi. Hii hadithi tumeisikia shuleni, kwa redio, kwa mabango ya zahanati. Si uongo. Lakini ukiipima na kile kilichotokea hapa Nairobi kwa ugonjwa wa taifodi, haitoshi hata kidogo. Taifodi ya Nairobi haikuzoea dawa moja leo na nyingine kesho. Ilipata usugu kwa dawa tano kwa mpigo, kama mtu aliyetumiwa kifurushi kwa basi la usiku.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1948 madaktari walijaribu dawa mpya, kloramfenikoli, kwa wagonjwa wa taifodi kule Kuala Lumpur, na homa iliyokuwa ikichukua wiki nzima kadhaa, au kumchukua mgonjwa mwenyewe, ikaanza kushuka kwa siku chache. Ilikuwa dawa ya bei ya chini, ya kumeza, na kwa karibu miaka hamsini ndiyo iliyotegemewa Afrika Mashariki. Ikikosekana, kulikuwa na ampisilini na ile tunayoiita Septrini, yaani kotrimoksazoli. Wazazi wetu walitibiwa kwa hizo.

Halafu, 1997 na 1998, maabara za Nairobi zikaanza kuona kitu kipya. Timu ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba nchini, KEMRI, ikiongozwa na mtaalamu wa vijidudu Samuel Kariuki, ikaeleza aina ya bakteria wa taifodi wasiojali dawa hizo zote za zamani. Mwaka 2004 timu hiyo ikachapisha uchunguzi wa sampuli 102 kutoka kwa milipuko ya sehemu tatu za Kenya. Sampuli ambazo bado zilitii kila dawa zilikuwa asilimia 13.7 tu. Asilimia 82.4 zilikuwa sugu kwa dawa tano kwa pamoja: ampisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini, streptomaisini na kotrimoksazoli.

Hapo ndipo ujiulize. Dawa hizi tano haziui kwa njia moja. Ampisilini inavuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Kloramfenikoli, tetrasaiklini na streptomaisini zinavuruga kiwanda cha protini, kila moja kwa namna yake. Kotrimoksazoli inakatiza utengenezaji wa folati, ambayo bakteria anaihitaji ili aandike DNA mpya. Kuzishinda zote unahitaji silaha tofauti: kimeng'enya cha kukata ampisilini, kingine cha kuibandika kloramfenikoli kitu kinachoizuia kufanya kazi, pampu ya kutapika tetrasaiklini nje, na kadhalika. Kama kila silaha ingetokana na kosa la bahati katika kunakili DNA, nafasi ya bakteria mmoja kuzipata zote ni kama kushinda bahati nasibu mara tano mfululizo. Na bado asilimia 82 ya sampuli zilikuwa nazo zote. Lazima zilikuja pamoja.

Ili kuona zilivyokuja, tuingie ndani ya bakteria mwenyewe.

Bakteria wa taifodi, Salmonela Taifi, ni kijiti kifupi, urefu wake kama elfu mbili au tatu ya milimita. Hana kiini kama seli zako. DNA yake kuu, kromosomu, ni duara moja la herufi karibu milioni 4.8, limekunjwa-kunjwa katikati ya seli bila ukuta wowote kulizunguka. Nje kuna utando, ukuta mwembamba, halafu utando wa pili. Ana mikia ya kuogelea. Na juu ya yote hayo, bakteria wa taifodi huvaa kitu ambacho ndugu zake wengi wa Salmonela hawana: kapsuli.

Kapsuli ni koti la sukari ndefu zilizoungana, laini na lenye utelezi. La taifodi linaitwa Vi, jina lililotolewa mwaka 1934 na watafiti Felix na Pitt kutokana na neno la Kizungu la ukali wa ugonjwa, maana walidhani ndilo linalompa makali. Kazi yake ni kujificha. Chini ya koti kuna molekuli ambazo askari wa mwili wanazijua vizuri na wangezishambulia mara moja. Koti likizifunika, bakteria anapita utumbo na kuingia damu bila kelele nyingi, ndiyo maana taifodi huanza polepole, homa ikipanda ngazi kwa ngazi. Watu hudhani koti hili ndilo linalozuia dawa. Hapana. Kapsuli inamchanganya askari wa mwili, lakini vidonge hupita. Usugu uko kwingine, na hayo mawili tusiyachanganye, kwa sababu mwishoni yatatengana kabisa.

Kwenye uso wa seli kuna pia nywele. Nyingi ni fupi, za kushikilia ukuta wa utumbo. Lakini bakteria fulani huota nywele ndefu, chache, zenye uwazi ndani, na hizi zinaitwa pili. (Si ya pili, wala pilipili. Ni Kilatini tu kwa nywele.) Nywele hizi haziagizwi na kromosomu. Zinaagizwa na mgeni anayeishi ndani ya seli: plasmidi.

Plasmidi ni duara dogo la DNA, pembeni mwa kromosomu, linalojinakili lenyewe. Jina lilitungwa na Joshua Lederberg mwaka 1952. Bakteria anaweza kuishi vizuri bila hilo duara, kama simu inavyofanya kazi bila memori kadi. Lakini likiwa na kitu cha maana, linabadilisha maisha ya mwenye nyumba. Mwaka 1946 Lederberg na Edward Tatum walikuwa wameonyesha kwamba bakteria wa E. koli wanaweza kubadilishana urithi, jambo ambalo wengi hawakulitarajia, kwani bakteria hugawanyika tu katikati na kuzaa pacha. Kubadilishana huko ndiko konjugesheni.

Inaendaje? Seli yenye plasmidi inatoa pili, inaigusa seli jirani, kisha inaivuta karibu kama mtu anavyovuta ndoo kisimani. Tando zikigusana, tundu linafunguka kati yao. Kimeng'enya kimoja kinakata uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za plasmidi, mahali maalum, na kushika ule mwisho uliokatwa. Uzi huo unasukumwa kupitia tundu hadi kwa jirani. Sasa kila seli ina uzi mmoja, na kila moja inajaza uzi wa pili kwa kunakili. Dakika chache tu, na zote mbili zina plasmidi nzima. Aliyetoa hakupoteza kitu. Na aliyepokea sasa naye ana jeni za kutengeneza pili, kwa hivyo naye anaweza kumpa mwingine. Jirani huyo hahitaji kuwa wa ukoo. E. koli anaweza kumpa Salmonela, na Salmonela akampa Shigela.

Japani ndiyo iliyoona hatari ya jambo hili kwanza. Baada ya vita, ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na Shigela ulitibiwa huko kwa antibaiotiki nyingi, na miaka ya 50 madaktari wakaanza kupata Shigela sugu kwa dawa nne pamoja. Watafiti wa Kijapani walichanganya Shigela sugu na E. koli asiye sugu, wakakuta E. koli amegeuka sugu kwa dawa zile zile nne. Mwaka 1963 Tsutomu Watanabe aliandika makala ndefu kwa Kiingereza kuuelezea ulimwengu kwamba usugu unaambukizwa kama ugonjwa. Kisha 1972 Meksiko ikakumbwa na taifodi isiyosikia kloramfenikoli, wagonjwa zaidi ya 10,000, na usugu ulikuwa kwenye plasmidi ya ukoo unaoitwa IncHI1. Weka hilo jina akilini.

Sasa rudi Nairobi. Timu ya Kariuki ilijuaje kwamba ni plasmidi, si kromosomu? Jaribio lenyewe ni la zamani na zuri, na ningependa lifundishwe kila shule ya sekondari. Unachukua Taifi sugu kwa dawa tano. Unachukua pia E. koli wa maabara ambaye hana usugu wa hizo tano lakini ameteuliwa kwa sababu ni sugu kwa dawa ya sita, kama asidi ya nalidiksiki. Unawalaza pamoja usiku kucha kwenye supu ya lishe. Asubuhi unamwaga tone kwenye sahani yenye jeli iliyochanganywa dawa mbili, tuseme kloramfenikoli na nalidiksiki. Taifi anakufa kwa nalidiksiki. E. koli wa jana anakufa kwa kloramfenikoli. Atakayemea ni yule tu aliye na vyote viwili: E. koli aliyepokea. Pembeni unaweka sahani za ushahidi, Taifi peke yake na E. koli peke yake. Zikimea hata hizo, jaribio lako limeharibika na huwezi kusema lolote.

Halafu unamchukua E. koli aliyemea na kumpima kwa zile dawa zingine nne ambazo hukuziweka kwenye sahani. Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Hukumchagua kwa ampisilini, wala tetrasaiklini, wala Septrini. Lakini amekuja nazo zote. Unamtoa DNA, unaivuta kwa umeme kwenye jeli, unaona mstari mmoja wa plasmidi kubwa ambao hakuwa nao jana. Kwa sampuli za Kenya plasmidi hiyo ilikadiriwa kuwa na jozi za herufi 110,000 hivi, ilijihamisha yenyewe, na ukoo wake ulikuwa IncHI1. Ule ule wa Meksiko.

Ndiyo maana neno kifurushi linafaa. Jeni za usugu zinakaa jirani kwenye duara moja. Ukimeza ampisilini, unaua bakteria wasio na plasmidi na kuwaachia nafasi walio nayo, na wakiongezeka wanaongezeka na jeni zote tano. Hujagusa kloramfenikoli maishani mwako, lakini umeipigia kampeni. Mtoto wa Phase 3 akipewa amoksilini, ambayo ni ndugu wa ampisilini, kwa mafua ya virusi ambayo hata dawa haikuhitajika, na akamaliza dozi yote vizuri kama alivyoambiwa, bado bakteria wa tumboni mwake wanachujwa hivyo hivyo. Kumaliza dozi hakumsaidii hapo. Kilichohitajika ni kutoianza. Na kwa sababu hiyo hiyo, kuipumzisha dawa moja miaka kadhaa hakuirudishii nguvu kirahisi: zile nyingine nne zinaendelea kuitunza plasmidi.

Lakini IncHI1 ina tabia moja ya ajabu. Plasmidi nyingi huhama vizuri kwenye joto la mwili. Hii hapana. Kwa nyuzi 37, yaani ndani yako, jeni zake za uhamisho zimefungwa, pili haitoki, na kuhama karibu hakupo. Ishushe hadi kati ya nyuzi 22 na 30, inaamka. Kwa lugha nyingine, ndani ya mgonjwa plasmidi hii inakaa tu ikimlinda bakteria dhidi ya vidonge. Kuhama kwake ni kazi ya nje: majini, kwenye matope, kwenye mtaro wa maji taka, mahali ambapo kinyesi cha wengi kinakutana na E. koli wa mwingine na Salmonela wa mwingine, joto likiwa la kawaida la Nairobi mchana.

Kwa hivyo ramani ya usugu si ya zahanati peke yake. Ni ya mabomba pia. Komarock ilijengwa kwa mpango, nyumba zimepangwa kwa awamu, maji taka yana njia chini ya ardhi. Mto Ngong unapita upande wa pili wa Kayole ukiwa umetoka Mukuru, ambako vyoo vya shimo na mifereji wazi vimebanana na mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa. Bomba likipasuka na presha ikishuka, kilicho nje kinafyonzwa ndani. Wiki ya mgao wa maji, sisi wa Komarock tunanunua mtungi kwa mkokoteni na hatuulizi umejazwa wapi. Bakteria hajui awamu ya nani imepangwa.

Hapa lazima niweke breki, kwa sababu ni rahisi kuruka kutoka hapo na kusema plasmidi ilihamia kwa taifodi kwenye mtaro fulani wa Eastlands. Jenomu zinasema vingine. Mwaka 2010 timu ya Kariuki, wakishirikiana na watafiti wa ng'ambo, waliangalia herufi zenyewe za DNA ya Taifi wa Kenya wa 1988 hadi 2008 na kukuta wale sugu wengi ni wa ukoo mmoja, H58, ambao ulikuwa umeshaenea Asia ya Kusini Mashariki. Mwaka 2015 uchunguzi wa jenomu 1,832 kutoka nchi 63 ukachora mti wa ukoo huo: shina lake liko Asia ya Kusini, na matawi yalivuka hadi Afrika Mashariki. Yaani H58 ilishuka hapa ikiwa imeshabeba mzigo wake, labda ndani ya msafiri asiyejua anaumwa. Nairobi haikuunda kifurushi. Ilikipokea, ikakisambaza kwa maji yake, na ikakilinda kwa dawa zinazouzwa kaunta kama peremende.

Na zile dawa zilizofuata? Madaktari walihamia siprofloksasini. Katika zile sampuli 102, tayari asilimia 41.7 zilikuwa zimeanza kuivumilia kidogo kidogo. Usugu huu ni wa aina nyingine: herufi moja inabadilika kwenye kromosomu, mahali dawa inaposhika, na dozi inayohitajika inapanda mara kadhaa. Hauhami kwa pili. Unarithiwa na watoto tu. Hapa ndipo ile hadithi ya mabango inafaa zaidi, maana dozi hafifu humwacha hai yule aliyepiga hatua ya kwanza, apate muda wa kupiga ya pili. Njia mbili, basi, na bakteria mmoja anaweza kuzitembea zote. Mwaka 2016 mkoa wa Sindi, Pakistani, ulionyesha matokeo: H58 iliyokuwa imeshahamishia jeni zake za zamani kwenye kromosomu ilipokea plasmidi nyingine inayofanana na za E. koli, yenye usugu wa seftriaksoni. Dawa ya kumeza iliyobaki ya kutegemewa ikawa azithromaisini.

Utajuaje kama taifodi yako ni ya aina gani? Si kwa kile kipimo cha dakika chache cha Widali ambacho nusu ya mtaa umeambiwa uko nacho chanya. Widali hupima kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au za Salmonela mwingine kabisa. Hakiwezi kusema lolote kuhusu dawa, kwa sababu hakuna bakteria aliyeshikwa. Anayetaka kujua lazima amee kutoka damu, siku mbili au tatu au zaidi, kisha awekwe kwenye sahani na vidonge vidogo vya dawa, aonekane anakwepa kipi. Hata hapo damu huwakosa wagonjwa wengi, kwani bakteria kwenye damu ni wachache, na aliyekwisha kumeza dawa za kemisti kabla ya kufika huwa amewapunguza zaidi.

Ndiyo maana watu walirudi kwenye lile koti. Kapsuli ya Vi haijali plasmidi gani imekaa ndani. Mwaka 2025, mwezi wa Julai, Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15 kwa chanjo iliyotengenezwa kwa sukari za Vi zilizounganishwa na protini, kwa sababu sukari peke yake haimfundishi mtoto mdogo vizuri. Askari wa mwili akishalijua koti, bakteria aliye sugu kwa dawa tano na asiye sugu kwa yoyote wote wanatambuliwa sawasawa.

Kuna Salmonela mwingine Nairobi, Taifimuriamu wa aina ya ST313, anayeingia damu ya watoto wadogo, hasa wenye malaria, utapiamlo au virusi vya ukimwi. Naye amebeba jeni za usugu kwenye plasmidi. Lakini kapsuli ya Vi hana, na kwa hivyo chanjo hii haimwoni.